Mayai yanashika kwenye kikaango cha chuma kila asubuhi: nirudi nonstiki, au kosa liko kwenye mafuta?

Dada wa Mikindani
Wakuu, habari za huko. Napika kifungua kinywa kwenye nyumba ya wageni hapa Mikindani, ndogo tu, vyumba vinne. Wageni wengi ni wazamiaji wanaokuja kuangalia samaki, na karibu wote wanaagiza mayai ya macho. Wanataka kiini kizima kinachotikisika, ute ulioiva, na chini pasiwe pamebabuka.

Nilikuwa na kikaango cha nonstiki. Baada ya miezi kama saba kikaanza kubanduka, nikakiacha. Mwezi uliopita nikaokota kwenye mitumba kikaango cha chuma kizito, kile cheusi cha kusubu ambacho hata mkono wake ni chuma hichohicho. Muuzaji akaniapia kwamba nitakirithisha wajukuu. Tangu siku hiyo yai likigusa pale haling'oki. Nalikwangua kwa mwiko, kiini kinapasuka, napeleka mezani yai la kuvuruga ambalo hakuna aliyeliagiza. Jana kati ya mayai manane nimeharibu matano.

Nimejaribu mafuta ya alizeti, nimejaribu ya nazi, nimejaribu siagi. Moto wangu ni mtungi wa kilo sita wenye jiko lake juu, na gesi ikiniishia nakimbilia mkaa. Nisaidieni, nitumie kikaango gani na mafuta gani?

Korosho Ghafi
Nonstiki usirudie dada, ile ni sumu, mie zangu nilitupa zote. Chuma ndiyo yenyewe. Kosa lako ni moto mdogo. Washa moto wote, chuma kitoe moshi kabisa, mimina mafuta ya kutosha, piga yai. Halishiki. Na siagi ukitaka isiungue changanya na mafuta ya kawaida, nusu kwa nusu, inakuwa ngumu kuungua. Hiyo nimefundishwa na mpishi wa hoteli.

Zege Kavu
Mie nakaanga stendi Mtwara mjini miaka sita sasa, trei mbili kwa siku, halijawahi kushika hata moja. Siri ni viazi viwe vimeiva na mayai uyapige sana mpaka yatoe povu, halafu usiguse mpaka pembeni paanze kunyanyuka.

Dada wa Mikindani
Kaka Zege, yako ni chipsi mayai. Mimi kiini kikipasuka tu mgeni ananiangalia.

Zege Kavu
Aaa sawa. Basi waambie wageni wako waje stendi.

Mpishi wa Meli
Dada, nimepika melini miaka kumi na tisa, sasa nimetulia zangu Lindi. Kabla sijasema kitu nijibu maswali manne. Kikaango ukikipitishia kidole kikiwa kimepoa, kinateleza au kinanatanata? Unakiweka motoni muda gani kabla ya yai? Mayai yanatoka wapi, kwenye friji au kabatini? Na hiyo siagi ni siagi ya maziwa, au ni ile ya kopo ya kupaka mkate?

Dada wa Mikindani
Shikamoo mzee wangu. Kinanatanata, hasa pembeni. Nilikipaka mafuta ya nazi mengi siku ya kwanza nikakiacha juani, niliambiwa ndivyo kinavyokomazwa. Motoni nakiweka dakika moja, wakati mwingine pungufu, wageni wana haraka ya boti. Mayai yapo kwenye friji. Siagi ni ya kopo, kwani kuna nyingine?

Mpishi wa Meli
Marahaba. Basi tumeshamaliza nusu ya safari.

Tuanze na huo ung'ang'anizi wenyewe. Ute wa yai mbichi ni majimaji, na ukimwagwa juu ya chuma unaingia kwenye kila kitundu kidogo ambacho jicho halikioni. Chuma kikiwa na uvuguvugu tu, ute unakaa humo ukiwa bado maji, kisha unaiva taratibu ukiwa umeshakishika chuma. Hapo umetengeneza gundi. Lakini chuma kikiwa na moto wa kutosha na katikati kuna utando wa mafuta, ule upande wa chini unaiva papo hapo kabla haujapata nafasi ya kushika. Wewe unakiweka dakika moja. Chuma cha kusubu ni kizito na moto hautembei ndani yake haraka kama kwenye alumini. Hilo jiko la mtungi wa kilo sita lina moto mdogo wa duara, kwa hiyo dakika moja inapasha sahani ya katikati tu na pembeni kote ni baridi. Juu yake unaweka yai la friji linalokula hata huo moto kidogo. Lazima lishike.

Ila usimsikilize Korosho kwamba kitoe moshi. Ute unaanza kuganda kama kwenye nyuzi 62 na kiini kinafuata karibu na 65 hadi 70. Mafuta ya alizeti yaliyosafishwa yanaanza kufuka moshi juu ya nyuzi 200. Ukimwaga yai hapo halishiki kweli, lakini chini linakuwa mpira wa kahawia wenye mapovu wakati juu bado ni makamasi. Mgeni wako hakuomba hilo.

Weka kikaango kwenye moto wa chini dakika nne mpaka tano, ukikizungushazungusha ili moto ufike pembeni. Kisha tia mafuta, subiri kama nusu dakika, ndiyo uvunje yai. Mayai ya kesho yatoe kwenye friji ukiamka, yawe yamepoteza ubaridi.

Unatiaje mafuta na yapi, nitarudi. Nina mgeni mlangoni.

Korosho Ghafi
Mzee sijakataa, lakini mie yai langu napenda liwe na pindo la kahawia linalokatika kwa meno. Yai la macho jeupe pee ni chakula cha wagonjwa.

Binti Nachingwea
Korosho nakuunga mkono kwenye pindo 😂 ila kwenye biashara anayelipa ndiye anayechagua.
Halafu jamani suala la mayai yenyewe hamligusi? Nafuga kuku. Yai la leo ukilivunja ute unasimama umekizunguka kiini kama mto. Yai la wiki tatu linatambaa kikaango kizima, ute mwembamba wa pembeni unakauka na kushika kabla ya katikati kuiva. Dada nunua kwa mfugaji wa karibu, yale ya trei yaliyosafiri kutoka mbali yameshachoka.

Dada wa Mikindani
Hilo la kutambaa nimeliona! Nilidhani kikaango hakijakaa sawa.

Mpishi wa Meli
Binti amesema kweli, safari ndefu inayachosha mayai.

Sasa mafuta. Dada, ile ya kopo ni majarini. Sote tunaiita siagi na dukani wanakuelewa, ila kikaangoni zina tabia mbili tofauti. Siagi ya maziwa ni karibu asilimia 80 mafuta, maji kama 16 hivi, na kilichobaki ni chembechembe za maziwa. Majarini imetengenezwa kwa mafuta ya mimea, na nyingi za kupaka mkate zina maji zaidi. Geuza kopo usome asilimia ya mafuta. Ikiwa chini sana ndiyo maana inaruka na kutema kila ukiitia, halafu ukiivunjia yai unakuta unalichemsha badala ya kulikaanga.

Siagi halisi kwa yai la macho naipenda kwa sababu moja kubwa kuliko ladha, nayo ni kwamba inakuambia joto la kikaango. Ukiitia inayeyuka, kisha inaanza kutoa povu na kuimba. Huo wimbo ni maji yanatoka, na maji yakiwa bado yamo, ile siagi haiwezi kwenda mbali na nyuzi 100. Povu linapoanza kushuka na wimbo kupungua, maji yamekwisha na joto linapanda. Hapo ndipo pa kuvunja yai. Ukichelewa zile chembechembe za maziwa zinakuwa za dhahabu na kunukia kama korosho zinazobanikwa. Bado ni sawa, wengine wanaitaka hivyo. Zikiwa nyeusi, mwaga, pangusa, anza upya. Na kama siagi imekuwa kahawia ndani ya sekunde chache tangu uitie, huo ni ujumbe kwamba kikaango kilikuwa na moto uliopitiliza.

Alizeti haikuambii chochote. Imekaa pale kimya, ikiwa na nyuzi 120 au 190 sura ni ileile, mpaka moshi.

Korosho, hiyo ya nusu kwa nusu nimeisikia kila jiko nililopita. Kinachoungua kwenye siagi ni zile chembe za maziwa, na zenyewe haziangalii zinaogelea kwenye nini. Ukiongeza mafuta zimekuwa chache kwa kila kijiko, kwa hiyo weusi unauona kidogo, lakini zinaungua kwenye joto lilelile. Mtu asiyetaka ziungue azitoe, na siagi iliyotolewa maji na chembe zake ni samli. Hiyo inavumilia moto kuliko siagi yenyewe.

Bi Somoe
Nyinyi wanaume mnapenda kusumbua watoto. Nyuzi nyuzi, sisi tulishona nazo. Nina kaango la chuma la chapati, nimelikuta kwa mama mkwe wangu Kilwa, nakaangia mayai mafuta ya nazi niliyoyakamua mwenyewe na halijashika tangu Nyerere. Mwanangu wa Mikindani, usitupe mafuta ya nazi.

Mpishi wa Meli
Bi mkubwa, kukaangia sijakataa. Ila mafuta ya nazi ya kukamua nyumbani yana moshi wa mapema na harufu yake inamfuata yai. Mgeni wa mara ya kwanza anaweza kuuliza kuna nini.

Ninachokataa ni kukomazia kikaango kipya. Kaango lako lina weusi wa miaka. Ule weusi ni mafuta yaliyopikwa utando juu ya utando mpaka yakawa kitu kigumu kama rangi, na ndiyo yanayoziba vile vitundu. Mafuta ya alizeti yanageuka hivyo vizuri, ya nazi yanachelewa sana. Na jua halitoshi, linataka moto. Dada amebaki na ulimbo.

Bi Somoe
Na mie kaango langu lilianza na nini kama si nazi? Alizeti tulikuwa nayo wapi?

Mpishi wa Meli
Hapo umenishika. Labda na nyama za miaka yote hiyo zilisaidia. Sibishani na kaango linalofanya kazi.

Dada wa Mikindani
Basi ulimbo nautoaje? Sina oveni.

Mpishi wa Meli
Sugua kwa maji ya moto, sabuni na sitilwuli mpaka kidole kisinate. Suuza, kisha kikaushe juu ya moto, si kwa kitambaa peke yake, maana kwenye hewa ya chumvi ya huko pwani kutu inaingia kabla hujageuka. Kikiwa bado cha moto chovya kitambaa kwenye alizeti, paka kote, ndani, nje na mkononi. Kisha chukua kitambaa kikavu ukifute kama vile umekosea kukipaka. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Yakibaki mafuta ya kuonekana yanakuwa ulimbo tena. Ukitazama kiwe kama kimekauka, kina mng'ao hafifu tu.

Washa mkaa mpaka uwe mwekundu usio na moto wa juu, kipindue kikaango kifudifudi juu ya jiko, kiache mpaka kiache kufuka moshi, kama nusu saa hadi dakika arobaini. Fanya nje, jirani atadhani nyumba inaungua. Kipoe, paka tena, futa tena, rudia. Mara tatu au nne siku hiyo.

Baada ya hapo kwa wiki mbili kikaangie vitu vyenye mafuta kabla ya mayai. Nyanya na ndimu usizipikie humo kwa muda mrefu, uchachu unakula ule weusi.

Fundi wa Chikongola
Samahani nauliza pembeni. Gesi inachimbwa Mnazi Bay hapa, bomba linaipeleka Dar, halafu mtungi wa kilo sita tunausubiri utoke Dar. Hii imekaaje?

Binti Nachingwea
Fundi hiyo ya ardhini inazalisha umeme na kwenda viwandani kwa bomba, ya mtungi ni gesi nyingine inayoingia nchini kwa meli. Fungua uzi wako, hapa tuna mayai.

Korosho Ghafi
Sawa kwenye chuma nimekubali. Lakini hakuna aliyejibu kuhusu sumu. Mnamrudisha dada kwenye nonstiki?

Mpishi wa Meli
Kwa yai la macho nonstiki ndiyo rahisi kupita zote, siwezi kumdanganya. Sumu unayoisema ina ukweli ndani yake ila umeipaka kote. Ule utando mweusi wenyewe ukiwa kwenye joto la kawaida hauchanganyiki na kitu. Kipande kikibanduka ukakimeza kinapita kama kilivyoingia. Kulikuwa na kemikali iliyotumika kiwandani wakati wa kuutengeneza, PFOA, hiyo ndiyo iliyoleta kelele zenye msingi. Makampuni makubwa yaliyokuwa yakiitumia yalikubaliana na serikali ya Marekani mwaka 2006 kuiondoa ifikapo 2015.

Hatari inayobaki jikoni ni moto. Utando ukipita kama nyuzi 260 unaanza kuharibika, na ukiendelea kupanda unatoa mvuke mbaya. Ndege wa kufugwa anakufa kwa mvuke huo, mtu anapata homa na kifua kubana. Kikaango chepesi kikiwekwa kitupu juu ya moto mkubwa kinafika huko kwa dakika chache tu. Dada, ulisema gesi ikiisha unahamia mkaa. Ulikuwa unaweka nonstiki juu ya mkaa?

Dada wa Mikindani
Ndiyo 🙈 na nilikuwa nakipasha kwanza kitupu.

Mpishi wa Meli
Ndiyo maana kilikufa kwa miezi saba. Mkaa hauna kitasa cha kupunguza.

Kwenye nonstiki tia siagi kikiwa baridi, viende pamoja motoni. Siagi itakuwa nyeusi na kukunukia kabla kikaango hakijakaribia nyuzi 260, kwa hiyo ni mlinzi wako. Mwiko wa mti, sifongo laini, na usipange sufuria juu yake.

Ningekuwa wewe ningekuwa na vyote viwili. Nonstiki ndogo ya gesi kwa mayai ya macho tu, na chuma kwa siku ya mkaa na kwa kila kitu kingine.

Korosho Ghafi
Nimeelewa. Zangu nilizotupa zilikuwa bado nzima, mke wangu asisome huu uzi.

Dada wa Mikindani
Narudi na majibu, ni siku ya tisa.

Kikaango nilikisugua Jumamosi, nikakipaka na kukipindua juu ya mkaa mara nne. Mara ya kwanza nilifuta vibaya, kikatoka na madoa kama ramani. Nikasugua nikaanza upya. Sasa ni cheusi na kidole kinateleza.

Siagi ya maziwa niliipata dukani Mtwara mjini, bei yake nimeumia. Leo asubuhi walikuwa wageni watatu, mayai sita. Chuma dakika tano moto wa chini, nikatia kijiko cha chai cha siagi kwa kila yai, mayai mawili kwa mkupuo. Povu likaimba, likashuka, nikavunja. La kwanza na la pili yaliteleza nikatingisha tu! Ya tatu na ya nne yakashika kidogo upande mmoja, yakatoka mazima. Ya mwisho siagi ilikuwa kahawia papo hapo, nikajua moto umezidi, nikakitoa motoni dakika moja na nusu nikaanza tena.

Shida iliyobaki ni juu. Chini pameiva, ute unaozunguka kiini bado unateleza. Nikisubiri chini panakauka.

Mpishi wa Meli
Hongera. Ya tatu na ya nne yalishika kwa sababu mawili ya mwanzo yaliondoka na joto, ukatia mengine bila kungoja. Chuma kikipoa kinachelewa kurudi, kipe dakika nzima na siagi mpya.

Kwa juu, ute wa chini ukishakuwa mweupe nyunyiza kijiko kimoja cha chai cha maji pembeni mwa kikaango, si juu ya yai, funika na mfuniko, punguza moto. Mvuke unamaliza ute wa juu kama dakika moja. Ukiona kiini kimeanza kuvaa utando mweupe, toa. Mgeni asiyetaka utando, inamisha kikaango umwagie ile siagi ya moto kwa kijiko juu ya ute tu, ukikikwepa kiini.

Bi Somoe
Sisi tulikuwa tunafunika tu na sahani.

Binti Nachingwea
Kuhusu bei ya siagi, huku wafugaji wanauza samli kwa chupa. Dada jaribu samli, haina povu la kukuimbia ila haiharibiki kabatini na inakaa muda mrefu.

Mpishi wa Meli
Samli nzuri kwenye chuma, ila kwa anayejifunza ningempa siagi kwanza mpaka mkono uzoee moto wa jiko lake. Baadaye hata alizeti itamtosha.

Dada wa Mikindani
Nimeagiza chupa moja ya samli nione. Na nonstiki ndogo nitanunua mwisho wa mwezi, nikipata yenye kitako kizito. Swali la mwisho, chuma nikishamaliza nakiosha kwa sabuni au nafuta tu? Hapa jikoni tumegawanyika.

Mpishi wa Meli
Mimi sabuni kidogo, suuza, kausha motoni, tone la alizeti.

Bi Somoe
Sabuni haijagusa langu hata siku moja. Chumvi ya mawe na kitambaa.